Hajafika au hakufika? Pengo la "ja" na neno "bado"

"Mwalimu, hujambo. Mwanangu yuko Gredi ya Saba. Katika zoezi la kujaza mapengo aliandika 'Mgeni bado hakufika', 'Jana mgeni hajafika' na 'Mimi sijakula tangu asubuhi'. Yote matatu yalikatwa. Pengo la nne lilikuwa 'Mama bado ____ (pika) chapati'. Alijaza 'anapika', nalo likakatwa, eti jibu ni 'hajapika'. Hapa kwetu maneno haya yote tunayasema kila siku na tunaelewana. Kanuni ni ipi, na nimweleze vipi?" (Mzazi, Donholm, Nairobi)

Ndugu mzazi, katika hayo manne, mawili ya kwanza ni makosa kweli. La tatu ni kosa katika Kiswahili sanifu, ingawa hapa Nairobi hulisikia asubuhi na jioni, hata vinywani mwa walimu. La nne si kosa la mtoto hata kidogo. Kosa ni la aliyetunga swali, na nitaeleza sababu.

Tuanze na lililo rahisi kukubaliwa na wote. Hali timilifu yenye kiambishi "me" inapokanushwa, "me" huondoka na mahali pake huingia "ja", huku kikanushi kikitangulia: amefika huwa hajafika, nimelipa huwa sijalipa, kimeiva huwa hakijaiva. Irabu ya mwisho ya kitenzi haiguswi. Mwanafunzi anayeandika "hajafiki" amechanganya na wakati uliopo, ambako anafika huwa hafiki. Hayo ni maumbo tu, na mtoto wa Gredi ya Saba huyajua. Taabu huanza pale anapodhani kwamba hajafika na hakufika ni njia mbili za kusema jambo moja, kwa kuwa yote mawili yanasema mgeni hakuonekana.

Hayasemi jambo moja. Hakufika ni kanusho la alifika, na linahusu muda ambao umekwisha kufungwa: muda ule ulipita, mgeni hakutokea, na habari ya kufika kwake ndani ya muda ule imeisha. Hajafika linahusu muda ambao ungali wazi mpaka hapo msemaji aliposimama: mpaka sasa mgeni hajatokea, na bado nafasi ya kutokea ipo. Ndiyo maana "jana" haikai na "hajafika". Jana ni siku iliyokwisha, mlango wake umefungwa, na mgeni hawezi tena kufika jana. Lakini tia neno moja tu mbele yake, useme "tangu jana", na jibu linageuka: "Tangu jana mgeni hajafika." Hapo jana si siku iliyofungwa tena, imekuwa mwanzo wa muda unaoendelea hadi dakika hii. Watahini wanaupenda sana mtego huu, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwamba "jana" huenda na "ku" huliona neno jana, hurukia jibu, na neno "tangu" hakuliona.

Neno lenye taabu zaidi ni "leo". Mtu akisema saa mbili asubuhi, "Leo maji hayajatoka," amesema sawa, kwa sababu siku bado ni mbichi na mfereji unaweza kutoa maji wakati wowote. Akilala usiku huku ndoo zikiwa tupu, akisimulia atasema, "Leo maji hayakutoka," kwa sababu siku imekwisha kwa upande wake. Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa saa yake. Kwa hiyo pengo lenye "leo" peke yake haliwezi kujibiwa kwa haki. Lazima sentensi iseme jambo jingine linaloonyesha kama muda umefungwa. "Leo asubuhi" katika habari inayosimuliwa jioni ni muda uliofungwa, na hapo "ku" ndiyo inayofaa.

Kwa sisi wa mitaa inayopata maji kwa zamu, mfano ulio bora uko mlangoni petu. Jirani akiuliza, "Maji yamerudi?" humjibu, "Bado hayajarudi," au kwa ufupi, "Bado." Hakuna anayejibu, "Hayakurudi." Ukimjibu hivyo atashangaa, kwa kuwa utakuwa umemwambia kwamba kulikuwa na siku fulani yaliyotarajiwa, siku ile ikapita bure. Mwulize mwanao swali hilo la maji kwa mdomo, bila kalamu, na utaona kwamba anajibu sawasawa. Hulijua jambo hili sikioni; kinachompotosha ni karatasi.

Kiambishi "ja" kina jambo jingine ambalo "me" haina, na ndilo linaloonyesha kwamba hajafika si amefika iliyotiwa kikanushi tu. Ukisema amefika, umeeleza tukio lililokwisha tendeka na ambalo matokeo yake yapo. Ukisema hajafika, umekana tukio lile, lakini papo hapo umeacha tarajio kwamba litakuja. "Ja" ina subira ndani yake. Chukua kitenzi "oa". Kijana akiulizwa habari zake hujibu, "Sijaoa," na wazee hutabasamu kwa kuwa wamesikia ahadi. Mzee wa miaka themanini akisema, "Mimi sikuoa," amefunga hesabu. Na mtu akishafariki, "ja" haina nafasi kabisa: wasifu wa marehemu utasema hakuoa wala hakupata watoto. Mwanafunzi akijaza "Marehemu hajaoa" amemtazamia marehemu harusi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimwulize mtu habari za mgonjwa ukasikia "hajafa" bila kushtuka. Kisarufi ni kanusho timilifu la amekufa, halina dosari, lakini humfanya msemaji aonekane kama anayengoja urithi. Watu husema "yu hai", "hajambo kidogo", au "anaendelea". Sijui zoezi lolote la mapengo linaloweza kupima jambo hilo, lakini ndilo linalonishawishi kwamba maana ya "ja" imekita katika lugha yenyewe. Haikubuniwa na vitabu vya sarufi.

Tarajio hili huleta matatizo hasa kwa vitenzi vya hali, yaani vile ambavyo "me" yake haielezi tu tukio bali hali iliyopo sasa: amelala, amesimama, ameketi, amevaa, amechoka. "Mtoto amelala" maana yake ni kwamba wakati huu yuko usingizini. Ukikanusha kwa "Mtoto hajalala", husemi tu kwamba hayuko usingizini. Unasema wakati wa kulala umefika au unakaribia na usingizi haujamchukua. Saa nne asubuhi, mtoto akiwa anacheza mpira, hakuna mtu atakayesema hajalala, labda awe amekesha usiku kucha. Vivyo hivyo, "Mwanafunzi hajavaa sare" husemwa nyumbani saa kumi na mbili unusu, mama akimhimiza. Akishakuwa darasani bila sare, mwalimu wa zamu ataandika "hakuvaa sare", kwa kuwa nafasi ya kuvaa ilikuwa asubuhi nayo imepita. Zoezi likisema tu "Kanusha: Mtoto amelala", jibu ni hajalala, na hapo hakuna mjadala, kwa sababu linapima umbo. Lakini pengo likiwa ndani ya habari, soma mandhari kwanza, kisha ndipo uchague.

Sasa tuje kwenye "bado", neno ambalo wanafunzi hulichukulia kama kengele: likilia, andika "ja". Kengele hii hudanganya, kwa sababu bado haimaanishi kukanusha. Maana yake ya msingi ni kwamba hali iliyokuwapo ingali ipo, haijabadilika. Hali hiyo ikiwa ni ya jambo kuendelea, bado hukaa na kitenzi cha kuyakinisha: bado anasoma, bado yuko Gikomba, bado wanaishi Kayole. Hali hiyo ikiwa ni ya jambo kutotokea, bado hukaa na "ja": bado hajasoma, bado hajarudi. Kwa njia zote mbili, bado inafanya kazi ileile moja. Hata inaposimama peke yake kama jibu, inafanya hivyo: swali "Ameshafika?" likijibiwa "Bado", maana yake ni kwamba hali ni ileile ya awali, ya kutofika. Na tukisema "bado dakika kumi" au "bado wewe", tunamaanisha kwamba dakika kumi zingali zimesalia, na kwamba wewe ndiye uliyesalia.

Hapa ndipo pengo la nne linapoanguka. "Mama bado ____ (pika) chapati" linaweza kujazwa "anapika", kwa maana kwamba hajamaliza, au "hajapika", kwa maana kwamba hajaanza. Sentensi haitoi dokezo lolote la kuchagua moja na kuacha jingine, wala swali halikusema "kanusha". Majibu yote mawili ni Kiswahili safi. Mtahini alipaswa kuandika, kwa mfano, "Mama bado ____ (pika) chapati, ndiyo maana sahani ni tupu na jiko limezimwa." Kwa kuzimwa kwa jiko, "anapika" inatoka na "hajapika" inabaki. Nimetunga mitihani ya shule kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba nimewahi kutoa swali la aina hii hii; mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisimama akanionyesha dosari yake mbele ya darasa, nami nikampa alama. Mwalimu wa mwanao akionyeshwa kwa upole, sidhani kama atakataa.

Na lile la kwanza, "Mgeni bado hakufika", je? Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa maana sentensi hiyo si kwamba haiwezekani kabisa. Mtu anaweza kusema, "Nilimpigia simu mara tatu, nikamtumia na nauli, na bado hakufika." Bado hiyo si ya kungoja, ni ya kulalamika, karibu na kusema "pamoja na hayo yote". Imezoeleka sana mjini, na sentensi huwa na kishazi cha juhudi kinachoitangulia. Pengo la mwanao halikuwa na kishazi hicho. Lilikuwa "Mgeni bado ____ (fika)", tupu, na msomaji yeyote ataisoma kama bado ya kungoja. Na bado ya kungoja haiwezi kukaa na "ku", kwa kuwa moja inasema muda ungali wazi na nyingine inasema umefungwa. Kumbuka pia kwamba pengo hilo, tofauti na lile la mama, halifai kujazwa "anafika" kwa urahisi, kwa sababu kufika ni tukio la mara moja, halina urefu wa kuendelea kama kupika. Ndiyo maana swali hilo halina utata na lile la nne linao.

Kabla sijaja kwenye sijakula, kuna jambo moja ambalo huwaangusha hata wanafunzi wanaoyaelewa yote niliyosema, nalo ni kwamba muda wa "ja" haulazimiki kuishia sasa. Unaishia pale msemaji anapouweka. Katika masimulizi, tunaweza kuupeleka nyuma kwa "alikuwa" au mbele kwa "atakuwa": "Nilipofika kituoni, basi lilikuwa halijaondoka", "Ukija saa moja, mimi nitakuwa sijarudi kazini." Katika sentensi ya kwanza basi lenyewe liliondoka zamani, pengine wiki iliyopita, lakini kwa dakika ile ya kufika kituoni mlango ulikuwa wazi, na hilo ndilo linalotawala.

Hivyo ndivyo pia inavyofanya kazi baada ya "kabla". Angalia sentensi niliyoanza nayo aya iliyopita: kabla sijaja. Nilikuwa nimeamua kuja, na sasa nimekuja, wala hakuna shaka yoyote. Lakini kabla hututazamisha tukio kutoka upande wa nyuma yake, wakati ambao lilikuwa halijatokea. Kwa hiyo "kabla" ikifuatwa na kitenzi chenye nafsi, kitenzi hicho huchukua "ja", sentensi nzima iwe ya wakati uliopita au ujao: "Tulianua nguo kabla mvua haijanyesha"; "Tutaanua nguo kabla mvua haijanyesha." Njia nyingine ni "kabla ya" pamoja na kitenzi-jina: kabla ya mvua kunyesha. Kinachokatwa ni "kabla mvua ilinyesha" na "kabla mvua haikunyesha". Mtoto huandika hii ya pili kwa kufikiri kwamba, kwa kuwa tulianua ni wakati uliopita, basi kanusho lifuate wakati uliopita. Ni fikra yenye mantiki, ila lugha haikuichagua.

Sasa sijakula. Vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja, kama la, nywa, fa na ja, hubeba "ku" katika nyakati fulani na kuiacha katika nyingine: amekula, lakini hajala; amekunywa, lakini hajanywa; amekuja, lakini hajaja. Walimu wengine huwaambia wanafunzi kwamba "ku" huanguka kwenye kukanusha. Kanuni hiyo si kweli, na mwanafunzi mwerevu ataivunja kwa neno moja: hatakula. Hilo ni kanusho, na "ku" ipo. Sababu halisi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi "me", "li", "na" na "ta" havikubali kubeba mkazo. Ikiwa mzizi una silabi moja, silabi ya pili kutoka mwisho ingekuwa kiambishi hicho, basi "ku" huingizwa kuupokea mzigo: a-me-KU-la, ha-ta-KU-la. Kiambishi "ja" hakina ubishi huo. Chenyewe hubeba mkazo: ha-JA-la. Hakihitaji msaidizi.

Anayetaka ushahidi aangalie kinachotokea yambwa inapoingia. Tunasema "Amekunywa uji", lakini "Uji ameunywa", si "ameukunywa", kwa sababu "u" ya uji imekaa mahali pa mkazo na kuupokea, hivyo "ku" haina kazi tena. Katika kanusho timilifu huwa hajanywa na hajaunywa. Kumbuka tu kwamba "ku" iliyo ndani ya "hakula" si hii. Ile ni kiambishi chenyewe cha wakati uliopita, na haiwezi kuondolewa.

Sijakula, basi, ni neno ambalo watu wa Nairobi wamelisawazisha na amekula, wakaubeba mzigo mara mbili. Linaeleweka, na simlaumu mtu anayelisema akiwa na njaa. Lakini katika karatasi ya mtihani jibu ni sijala. Vitenzi enda na isha vina uhuru kidogo: amekwenda na ameenda, imekwisha na imeisha yote husikika, na katika kukanusha hajaenda na haijaisha ndiyo yaliyo salama katika zoezi.

Nimemtungia mwanao kifungu kifupi. Mpe akijaze kwanza, halafu ndipo msome maelezo yanayofuata.

"Nilipofika kituoni, matatu ilikuwa ____ (ondoka), nikapata kiti karibu na dirisha. Kondakta alinigeukia akasema, 'Wewe ndugu, mbona ____ (lipa)?' Nilimwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Tuliingia mjini kabla maduka ____ (funguliwa). Rafiki niliyeahidiana naye ____ (ja); nilimngoja mpaka saa sita, nikakata tamaa, nikarudi. Sasa ni jioni, na mpaka sasa hata simu ____ (piga). Mimi tangu asubuhi ____ (la) kitu. Chakula kiko jikoni, lakini bado ____ (iva)."

Pengo la kwanza ni haijaondoka. Matatu imo katika ngeli ya I-ZI, na "nilipofika" ndiyo inayoweka kikomo cha muda. Maneno "nikapata kiti" yanathibitisha kwamba ilikuwapo, la sivyo mtu angeweza kujaza "imeondoka". Pengo la tatu ni hayajafunguliwa, kwa sababu ya kabla, ingawa maduka yalifunguliwa baadaye siku ileile.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana hapo kengele za kawaida hazipo: hakuna jana, hakuna bado. Jibu ni hakuja, na kinacholitoa ni maneno yanayofuata. Msimulizi alingoja mpaka saa sita, akakata tamaa, akarudi, miadi imekufa. Mwanafunzi akijaza hajaja, mwulize: ikiwa ungali unamtazamia, mbona umerudi nyumbani? Lakini pengo la tano, linalomhusu rafiki yuleyule, linarudi kwenye "ja", kwa kuwa "mpaka sasa" inauacha mlango wa simu wazi: hajapiga. Miadi imefungwa ila simu haijafungwa. Hapo pia wengi huandika "haijapiga", wakidhani simu ndiyo inayopiga. Simu ni yambwa iliyotangulizwa. Mtendaji ni rafiki. Msimulizi angetaka kuifanya simu iwe kiima angesema haijapigwa.

La sita ni sijala, na la saba hakijaiva. Kwa hili la saba mtu anaweza kunirudishia lawama niliyomtupia mtahini wa chapati: je, "bado kinaiva" haifai? Neno "lakini" ndilo linaloniokoa. Msimulizi ana njaa, chakula kipo, lakini kuna kizuizi. Kizuizi hicho ni kutoiva. Hata hivyo mwanafunzi akiandika kinaiva na kueleza kwamba kiko motoni kinaelekea kuiva, ningempa nusu alama na kurekebisha swali langu kwa mwaka ujao, niongeze "hakiliki".

Nimeliacha pengo la pili mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kosa lake ni la kwetu kabisa. Jibu ni hujalipa. Nafsi ya pili umoja hukanushwa kwa "hu": hujalipa, hujaelewa, hujafika. Hapa Nairobi tumezoea kusema "haujalipa" na "haujaelewa" tukimkusudia mtu, na watoto huyaandika hivyo bila wasiwasi. Katika Kiswahili sanifu "hau" ni ya vitu vya ngeli kama U-ZI na U-I: ukuta haujakauka, mti haujachanua, mkate haujaiva. Mwambie mwanao kwamba akimwandikia mtu "haujafika" amemhesabu pamoja na miti na mikate. Katika kifungu nilitia neno "wewe" makusudi, ili pasiwe na kisingizio. Akikosea hapo, mpe sentensi mbili azijaze kwa kufuatana, "Wewe bado ____ (kauka)" baada ya kunyeshewa na "Mkeka bado ____ (kauka)", mpaka aone kwamba hujakauka na haujakauka haziwezi kubadilishana.